Fundi wa Friji Asiyeuliza

Katika ghala la dawa pale Kwale mjini, juu kilimani ambako asubuhi kuna umande hata wakati wa kiangazi, palikuwa na mtu aliyejulikana na wilaya nzima kwa sauti, ila waliomjua kwa sura walikuwa wachache mno. Jina lake Masila. Kazi yake ilikuwa kutunza mafriji ya chanjo ya zahanati zote, kuanzia pwani kule Msambweni hadi bara kavu ambako ng'ombe hufuata maji siku kutwa. Simu hazikuwa zimefika huko. Kulikuwa na redio ya mawasiliano mezani pake, na kila zahanati ilikuwa na yake, na kila asubuhi ya siku ya kazi wauguzi walimwita mmoja baada ya mwingine wakamsomea kipimajoto.

Masila alikuwa Mkamba wa shamba la makazi, mtoto wa watu waliokuja kutoka bara wakapewa ardhi nyuma ya msitu wa Shimba. Wazazi walikwisha kufa, ndugu waliuza sehemu zao wakarudi Machakos, na mkewe Kavenya alifariki akamwacha mgane kabla hawajajaliwa mtoto. Alikaa katika chumba cha nyuma ya ghala. Alipika ugali wa mtu mmoja, na mwenye kuupika huo anajua ulivyo mgumu kuukadiria: ama unabaki, ama hautoshi. Jumamosi na Jumapili redio ilinyamaza, naye akanyamaza nayo. Kuna Jumatatu alizojikuta anakohoa kwanza ili sauti itoke.

Kazi ile alifundishwa na marehemu Mbwana, mzee wa Msambweni mwenye mikono iliyonuka mafuta ya taa mpaka siku ya kuzikwa. Mafriji ya wilaya hayakuwa ya aina moja. Wafadhili walileta kila mmoja alichopenda. Palikuwa na ya mafuta ya taa, yenye utambi na bomba la moshi. Palikuwa na ya gesi. Palikuwa na ya umeme katika zahanati zilizo karibu na barabara ya lami. Na siku za karibuni yakaanza kuja ya nguvu ya jua. Yote kwa nje yalikuwa masanduku meupe. Kwa hiyo muuguzi akisema "friji haipoi," amesema jambo moja lenye dawa nne.

"Usiwe mtu wa kuuliza uliza," Mbwana alikuwa akimwambia. "Betri ya redio ya mwenzio yaisha. Mwambie kwanza lile ambalo ni sawa kwa friji yoyote: afunge mlango, asifungue fungue, aweke sanduku la baridi tayari. Hapo wala huna haja ya kujua anayo ipi. Kisha jiulize: nikijua friji yake, mkono wake utafanya jambo jingine? Kama ndiyo, muulize, hata kama watu kumi wangoja. Na ukikisia, mwambie wakisia. Sema, nadhani yako ni ya utambi, kama siyo nikatize. Umesikia, Masila?"

Alisikia, na kwa miaka mingi alifanya vivyo hivyo. Tatizo ni kwamba alikaa kazini mpaka akazoea. Alizijua sauti. Nzai, muuguzi wa upande wa Kibuyuni, akiguna tu, Masila alikwisha kujua kuwa utambi umechakaa. Ikawa haulizi tena, wala hasemi kuwa anakisia. Wauguzi wapya walishangaa: wanaanza tu kueleza, fundi keshawajibu. "Yule bwana anatuona," walisema. Naye maneno hayo yalimfikia, akayapenda. Mtu asiye na wa kumsifu ugali wake atafanya nini? Aliyala maneno yale kama mboga.

Kati ya sauti zote palikuwa na moja aliyoingoja. Sista Jumwa, muuguzi wa zahanati ya Mwadzika, mbali kabisa bara kavu. Alikuwa na friji ya gesi, kuukuu, chovu, ambayo wakati wa joto ilihitaji kusukumwa. Wengine wote walijitambulisha kwa jina la zahanati, ndio uliokuwa utaratibu. Jumwa alikuwa ameacha utaratibu huo zamani. Alisema tu, "Masila, ni mimi Jumwa," na Masila akasogeza kiti.

Jumwa alikuwa mtu wa pwani, na mtu wa pwani hawezi kuanza na kipimajoto. "Hujambo, Bwana Masila? Waonaje hali? Nyumbani hawajambo?" Na Masila, ambaye nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kuulizwa hali, alikuwa akijibu haraka, "Njema, sista. Joto?" Hakuwa mkali. Alijiambia anaokoa betri ya Jumwa. Ukweli ni kwamba swali lile la nyumbani lilimgusa mahali pabovu, akawa analikimbia, na kila alipolikimbia alisahau kuwa salamu ni deni la pande mbili: ukiulizwa, nawe unauliza.

Mara chache kwa mwaka alikwenda Mwadzika kwa gari la ghala kuihudumia ile friji. Jumwa alimpa chai na viazi vitamu, wakaketi kwenye benchi, wakazungumza habari za gesi. Alimwona mara moja mumewe, Kenga, mtu mrefu mpole aliyekuwa akikarabati boma la mbuzi. Masila alirudi Kwale moyo umemlegea, na hakuwahi kulitaja jambo hilo hata kwake mwenyewe. Alitaka tu sauti ile iendelee kumwita kwa jina. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, basi.

Mwaka ule uliofuata ile mvua kubwa iliyokata barabara, joto lilikuja kwa hasira. Jumanne moja asubuhi redio ilikuwa imejaa watu. Katikati ya mikwaruzo ikaja sauti.

"Masila, ni mimi Jumwa."

"Sema, sista."

"Hujambo? Leo mie..." mikwaruzo ikameza maneno, kisha ikamrudisha. "Kipimajoto chasoma kumi, na mwisho wa chanjo ni nane. Kesho ni kliniki ya watoto, na chanjo nimezipokea jana. Nifanyeje?"

Masila hakuhitaji kufikiri. Kumi, wakati wa joto, Jumwa: ile gesi kuukuu. Wakati kama huu kila mwaka alimpa jibu lile lile. "Funga mlango. Geuza swichi ya baridi mpaka mwisho, uiache hapo mpaka kesho. Isikushughulishe."

"Mpaka mwisho kabisa?"

"Mpaka mwisho. Ova."

"Haya. Basi wewe wajua," alisema Jumwa, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Masila alikichukua kuwa ni uchovu wa mawimbi. Zahanati nyingine ilikuwa inaita.

Kesho yake Jumwa aliita kabla ya wote.

"Masila. Kipimajoto kiko chini ya sufuri. Chanjo ya kifaduro na pepopunda imeganda. Nimeiyeyusha chupa moja, nimeitikisa, mapande yanatua chini, maji yanabaki juu. Imeharibika. Ya surua na ya polio ni salama, hizo hazidhuriwi na kuganda, lakini hii nyingine imekwisha yote. Na akina mama na watoto wao wamejaa uani."

Masila aliishika meza. Friji ya gesi ya Mwadzika, katika joto lile, haikuwa na nguvu ya kugandisha hata maji ya kunywa. Hata ungeiwasha mpaka mwisho ukaiacha mwezi mzima, isingegandisha. Basi alijua, kabla hajauliza, kwamba amekuwa akizungumza na friji nyingine. Na ndipo akauliza, siku moja baadaye kuliko ilivyofaa.

"Sista Jumwa. Friji yako ni ipi?"

"Ni ya jua. Mpya."

"Wameleta ya jua Mwadzika?"

Redio ilikwaruza. Zahanati zote zilikuwa zinasikiliza, maana masafa yalikuwa ya wote, na hakuna aliyethubutu kuingilia.

"Mimi siko Mwadzika, Masila. Niko Kidzangoni, upande wa Mkongani. Nimehamishwa. Nimefika wiki iliyopita. Jana nilitaka kukwambia, ukanijibu moja kwa moja bila kuniuliza. Nikasema, kumbe anajua. Mtu hawezi kuniambia niigeuze swichi mpaka mwisho kama hajui ni swichi gani."

Hapo ndipo palipomchoma. Kwa sababu Jumwa hakuwa mjinga, wala hakukosea. Alihamia penye friji asiyoizoea, na fundi asiyemuuliza kitu alimpa jibu kamili, lenye uhakika. Angeulizwa, angejua kuwa fundi hajui. Hakuulizwa, akaamini kuwa anajulikana. Na friji ile wala haikuwa na kasoro. Chanjo zilikuwa zimeingizwa zikiwa na joto la njiani, na mlango umefunguliwa mara nyingi katika kupanga. Ilitaka kufungwa na kuachwa itulie, swichi isiguswe. Friji ya jua ina kompresa, pampu ya kupoza kwa nguvu, si chovu kama ile ya gesi. Ukiiambia mpaka mwisho, itafika mpaka mwisho.

Masila alibonyeza kitufe. "Zahanati zote zinisikie. Kosa la Kidzangoni ni langu mimi. Sikuuliza. Sista hana hatia."

Alitumaini hilo litasaidia, na kwa wakubwa lilisaidia: Jumwa hakuandikiwa barua ya kujieleza. Lakini akina mama walikwisha kurudi na watoto wao migongoni, wengine kutoka mbali, katika jua lile. Na asubuhi iliyofuata sauti aliyoizoea ilisema, "Hapa Kidzangoni. Joto sita. Ova."

Hapa Kidzangoni. Jina lake halikuitwa. Masila alibaki na chombo cha kusemea mkononi mpaka zahanati nyingine ikamwuliza kama yupo.

Gari la ghala lilikuwa limekwenda Mombasa, na dereva alichukua siku zake huko. Kwa hiyo Masila alikaa na aibu yake, na aibu ikamfanya mtu mwingine. Alianza kuuliza kila kitu. Mtu akisema habari za asubuhi, anaulizwa friji yake ni ya aina gani. Zahanati ambayo haijawahi kubadilishiwa friji tangu alipoifunga Mbwana kwa mikono yake iliulizwa kila siku. Watu walivumilia, maana walijua yaliyompata.

Mpaka siku ya Nzai. Nzai alikuwa mtu wa maneno mengi na subira haba.

"Fundi! Fundi! Chumba kimejaa moshi, utambi wawaka mwekundu, masizi yaanguka juu ya meza!"

"Nakusikia. Kwanza niambie, friji yako ni ya aina gani? Ova."

"Masila, nakwambia utambi! Nakwambia masizi! Umeona wapi jua lenye utambi? Nitaungua huku nikikujazia maelezo! Ya mafuta ya taa, ya mafuta ya taa, ya mafuta ya taa!"

Mtu mmoja kwenye masafa alicheka, akajizuia. Masila alihisi masikio yanawaka. "Zima moto. Fungua madirisha. Chanjo uzihamishie kwenye sanduku la baridi, pakiti za barafu ziwe zimeanza kuyeyuka, zisiwe ngumu. Bomba likipoa, litoe masizi, ukate utambi uwe sawa, uwashe tena. Moto uwe mdogo, wa buluu. Ukiukuza utarudi kule kule."

"Hayo ndiyo maneno," alisema Nzai, akikohoa. "Hayo ungeyasema mwanzo, bwana. Sisi hatutaki kuulizwa tulichokwisha kusema. Twataka kuulizwa tusichosema."

Masila alilichukua neno hilo akaenda nalo chumbani. Aliketi kitandani mchana mweupe, jambo asilolifanya, akamkumbuka Mbwana na kumkasirikia kidogo kwa kufa. Yote yale mzee alimwambia. Lile lililo sawa kwa friji zote, lisemwe bila kuuliza. Lililo wazi katika maneno ya mtu, lisiulizwe tena. Penye njia panda ya mkono, uliza. Na ukikisia, tamka kuwa wakisia, ili mwenzio apate nafasi ya kukukatiza. Alikuwa amemnyima Jumwa nafasi hiyo. Alimwondolea hata mlango wa kusema "siyo."

Gari liliporudi alipakia sanduku la chanjo mpya akaenda Kidzangoni. Si mbali. Hilo lilimuuma njia nzima, tangu waliposhuka mlima mpaka kwenye minazi na mihogo ya Mkongani: kwamba ni karibu hivi. Angeuliza Jumanne ile, angefika yeye mwenyewe kabla ya adhuhuri, hata kwa baiskeli ya kuazima, akaifunga friji, akanywa chai.

Jumwa alikuwa uani akianika vitambaa vilivyotoka kuchemshwa. Alikuwa amekonda. Amejifunga kaniki nyeusi juu ya gauni la kazi.

"Karibu, fundi."

"Ahsante, sista. Hujambo?"

"Sijambo."

Aliipima friji, akaiweka swichi pahala pake hasa, akaweka alama ya rangi nyekundu mahali isipopaswa kupita. Akapanda juu, akapangusa vioo vya jua, akapima betri inayolisha friji na redio: imejaa, nzuri, mpya kabisa. Alipanga chanjo. Alipomaliza, Jumwa alikuwa ameweka chai kwenye benchi, kikombe kimoja. Alisimama mlangoni.

"Nilikosa, Sista Jumwa," Masila alisema. "Ungekuwa mwingine ningemuuliza. Wewe nilijiona nakujua."

"Wanijua mimi?" Jumwa hakupandisha sauti. "Kenga alifariki, Masila. Mwezi wa Ramadhani. Maji ya ile mvua yalipojaa mtoni hatukuweza kumvusha kumleta hospitali. Ndiyo sababu nikaomba uhamisho. Sikuweza kuutazama ule mto. Nimekaa eda yangu na matanga yangu, na kila asubuhi mimi huyo nakusomea kipimajoto. Nakuuliza nyumbani hawajambo, wewe wanijibu, joto? Nikawa nangoja. Nikasema, siku moja ataniuliza. Hata akiniuliza friji tu, uko wapi, una friji gani, nitapata pa kuanzia, nitamwambia yote. Jumanne ile nilikuwa nimejiandaa. Hukuuliza."

Masila alifungua mdomo. Alitaka kusema kuwa naye anajua. Kwamba Kavenya alipokufa alipika ugali wa watu wawili kwa muda mrefu, akautupia kuku wa jirani. Kwamba ndiyo sababu lile swali la nyumbani hulikimbia. Yote yalikuwepo, yamepangana. Lakini nje palikuwa na mama anayeita hodi, mtoto analia, na Jumwa akageuka kwenda kumpokea.

"Mola amrehemu," ndilo lililomtoka, akiuambia mgongo wake.

Chai aliinywa peke yake. Ilikuwa na tangawizi, kama ile ya Mwadzika.

Asubuhi iliyofuata redio ilianza kama kawaida. Nzai akasoma joto lake, akaeleza utambi umetulia. Zahanati ya bara ikalalamika, Masila akaiambia ifunge mlango kwanza, kisha akasema, "Nadhani yako ni ya gesi, kama siyo nikatize," nao wakajibu ndiyo, ni ya gesi, na mambo yakaenda. Kisha ikaja ile sauti.

"Hapa Kidzangoni. Joto tano. Ova."

Ilikuwa zamu ya kusema "vizuri" na kumpisha anayefuata. Masila alibonyeza kitufe. Alijua wilaya nzima inasikiliza, na moyo ulimpiga kwa namna isiyofaa mtu wa umri wake.

"Na nyumbani, Jumwa? Hali yako mwenyewe ikoje?"

Mikwaruzo. Hakuna aliyeingilia. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni.

"Waniuliza mimi," Jumwa alisema hatimaye, "au waiuliza friji?"

"Wewe."

"Uliza tena kesho," sauti ilisema, imekuwa nzito. "Leo betri yangu imekwisha."

Redio ikazimwa kwa kitufe upande wa pili. Masila aliweka chombo mezani polepole. Jua lilikuwa limekwisha kutoka, na betri ile aliipima kwa mkono wake jana, akaikuta imejaa.